Windows Isipozimika Kabisa, Gemu Hugoma Kwenye Linux

Mwenye Windows na Linux kwenye kompyuta moja huweza kuhifadhi gemu zake zote katika sehemu moja ya diski ya NTFS. Lakini Windows ikizimwa huku Fast Startup imewashwa, huhifadhi hali ya kiini chake ili iwake haraka, na diski hubaki kama bado inatumika. Linux hukataa kuifungua, au huruhusu kusoma tu. Steam ikijaribu kusasisha gemu huandika “Disk write error”. Usilazimishe, data inaweza kuharibika. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

```
powercfg /h off
```

Kisha zima kompyuta. Kuanzia hapo Windows itawaka polepole kidogo, lakini Linux itaandika kwenye diski bila kizuizi.