Pesa za Mpangaji Mnunuzi Huenda Wapi?

Ukiulizia nyumba ya mpangaji mnunuzi jijini Nairobi, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kiasi cha kulipa kila mwezi. La pili ni idadi ya miaka. Watu wengi huishia hapo, wakapiga hesabu ya mshahara, wakaona inawezekana, wakatia sahihi. Swali ambalo lingewafaa zaidi haliulizwi: nikikwama mwaka wa nne, fedha nilizokwisha kulipa zitaitwa nini? Zikiitwa kodi, zimekwenda. Zikiitwa sehemu ya bei, bado una neno la kusema mbele ya muuzaji, na hata mbele ya hakimu. Nyumba ni ile ile na kiasi ni kile kile, lakini mkataba mmoja unakufanya mnunuzi na mwingine unakuacha mpangaji anayelipa kodi ghali.

Tuanze na mikataba ya wajenzi binafsi, maana ndiko watu wanakoumia zaidi. Tuseme mwalimu amepata nyumba ya vyumba viwili yenye bei ya shilingi 4,500,000. Hana malipo ya kuridhisha benki, kwa hiyo mjenzi anampa njia nyingine. Atoe shilingi 300,000 za kushikilia nyumba, aingie, kisha alipe 45,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Katika hizo 45,000, mkataba unasema 30,000 ni kodi na 15,000 zitawekwa upande wa bei. Nyumba za mtaa ule hukodishwa kwa 30,000, kwa hiyo mgao huo si wa udanganyifu. Zile 15,000 za ziada ndizo anazolipa ili awe na haki ya kununua kwa bei ya leo.

Sasa tupeleke saa mbele. Miaka mitano ikiisha, zile 15,000 zitakuwa zimefika 900,000. Ukijumlisha na 300,000 za mwanzo, amelipia bei shilingi 1,200,000. Deni lililobaki ni 3,300,000, na hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu fedha hizo zinatakiwa zote kwa mkupuo. Mjenzi hakuahidi kuendelea kupokea kidogo kidogo. Aliahidi kumuuzia nyumba kwa bei ile ikiwa ataleta salio ndani ya muda. Kwa hiyo mwalimu anarudi benki, pale pale alipokataliwa miaka mitano nyuma. Riba ikiwa asilimia 14 na mkopo ukiwa wa miaka 20, atatakiwa kulipa karibu shilingi 41,000 kwa mwezi. Si mbali na alichozoea, lakini benki haitazami mazoea. Inatazama hati ya mshahara, madeni mengine na umri wake. Ikisema hapana, haki yake ya kununua inakwisha siku mkataba unapokwisha, na mikataba mingi ya aina hii inasema wazi kwamba zile 1,200,000 hazirudi.

Ndiyo maana mtu anayefikiria njia hii anapaswa kwenda benki kabla ya kutia sahihi, aulize: kwa kipato changu, mtanikopesha kiasi gani miaka mitano ijayo, na nirekebishe nini sasa? Akiambiwa kiasi ambacho hakifiki salio, basi afahamu kwamba anachonunua kwa 15,000 kila mwezi ni tumaini tu, na auone mkataba huo kwa jicho hilo.

Kuna dhana iliyoenea kwamba sheria itamlinda aliyelipa sehemu kubwa. Dhana hiyo imetoka kwenye ununuzi wa vitu kwa awamu. Sheria ya Kenya inayosimamia ununuzi huo inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Lakini sheria hiyo inahusu vitu vinavyohamishika, kama gari au mashine. Nyumba haimo. Mtu anaweza kuwa amelipa robo tatu ya bei ya nyumba na asiwe na kinga ambayo jirani yake anayo kwa gari alilolipia kiasi hicho hicho.

Kinga iliyopo kwa nyumba iko kwingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba mnunuzi aliyekwisha kuingia kwenye mali kwa mkataba wa mauziano hawezi kufukuzwa hivi hivi kwa sababu amevunja mkataba. Muuzaji anayetaka kuuvunja ni lazima airudie mali yake kwa amani au apate amri ya mahakama, na mnunuzi ana nafasi ya kuiomba mahakama imwonee nafuu. Lakini soma tena maneno yale: mkataba wa mauziano. Karatasi yako ikiwa ni mkataba wa kupangisha wenye kipengele cha hiari ya kununua baadaye, mwenye nyumba atajitetea kwamba hakuna mauziano yaliyofanyika, ila mpangaji aliyeshindwa kodi. Kwa hiyo kichwa cha karatasi na maneno ya kipengele cha malipo vina uzito kuliko rangi ya vigae. Mpe wakili wako mwenyewe aisome, si wakili wa mjenzi, hata kama huyo wa mjenzi ametolewa bure.

Nyumba za serikali zina umbo tofauti. Katika mpango wa nyumba za bei nafuu wa Kenya, unaoendeshwa kupitia Boma Yangu, aliyegawiwa nyumba hutoa malipo ya mwanzo, kisha salio hulipwa kwa miaka mingi pamoja na riba, na hati hupatikana deni likiisha. Hapa hakuna salio kubwa linalokungoja mwishoni. Malipo yote ya kila mwezi yanahesabiwa kwenye deni, nami naona huo ndio ubora wake mkubwa. Lakini kuhesabiwa kwenye deni si sawa na kupunguza deni, na tofauti hiyo inafaa kuonwa kwa hesabu.

Chukua nyumba ya shilingi 2,000,000. Umelipa 200,000 mwanzoni, unadaiwa 1,800,000, na tuseme riba ni asilimia 6 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kwa miaka 25. Malipo ya mwezi yatakuwa kama shilingi 11,600. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, 9,000 ni riba. Zinazopunguza deni ni kama 2,600 tu. Mwezi unaofuata riba inapungua kwa shilingi chache na sehemu ya deni inaongezeka kwa hizo hizo, na mwendo ni huo mwaka baada ya mwaka. Ukifika mwisho wa mwaka wa tano utakuwa umelipa karibu 696,000, na deni lako litakuwa limeshuka kwa 181,000 tu, hadi kama 1,619,000. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo deni la muda mrefu lilivyo. Lakini mtu asiyejua hili huamini kwamba amelipa theluthi ya nyumba, na siku anapotaka kuondoka anapata mshtuko.

Ujuzi huu una faida yake pia. Kila shilingi ya ziada unayolipa miaka ya mwanzo, ikiandikwa kama punguzo la deni, inakata riba ya miaka yote iliyobaki. Uliza kama mpango unakubali malipo ya ziada, na uhakikishe risiti imetaja kwamba ni ya kupunguza deni, si kodi ya miezi ijayo iliyolipwa mapema. Tena usiingize kwenye hesabu vitu visivyomo. Gharama za huduma, yaani ulinzi, usafi, taa za ngazi na lifti, hazipunguzi bei hata senti moja. Wala ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unaokatwa kwenye mshahara hauhesabiwi kuwa malipo yako ya nyumba. Huo ni ushuru. Akiba ya hiari unayoweka Boma Yangu ni jambo lingine, kwani hiyo inaingia kwenye malipo yako ya mwanzo. Na ukishapata nyumba, huruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia mpango. Anayepanga kuuza upesi apate faida asiingie huku.

Umiliki wa pamoja ni njia ya tatu, na nchi iliyoutumia kwa mapana ni Uingereza, ambako Waswahili waliohamia huko hukutana nao wanapotafuta nyumba ya kwanza. Unanunua sehemu, labda robo au nusu, kwa mkopo wa benki, kisha unalipa kodi kwa shirika la nyumba juu ya sehemu usiyoimiliki. Kodi hiyo hainunui chochote. Ukitaka kuongeza sehemu, kwa kawaida unainunua kwa thamani ya siku hiyo, kwa hiyo mtaa ukipanda bei, robo ya pili inakuwa ghali kuliko ya kwanza. Na hata kama unamiliki robo tu, gharama za huduma unalipa zote.

Lakini lililonifanya niwe na hofu na maneno ya mkataba ni kesi moja iliyoamuliwa huko mwaka 2007. Mwanamke mmoja alinunua nusu ya nyumba mwaka 1995 kwa pauni 29,500. Baadaye alilazimika kuihama kwa sababu ya vitisho, na kodi ya ile nusu nyingine ikalimbikizwa. Kufikia wakati wa kesi nyumba nzima ilikuwa na thamani ya pauni 151,000. Mahakama ilisema kwamba kisheria alikuwa mpangaji, na mpangaji mwenye malimbikizo ya miezi miwili anaweza kuondolewa. Nyumba ikarudi kwa shirika, na ile nusu yake ikatoweka pamoja na upangaji. Hakuwa na haki ya kudai thamani yake. Ilibidi kungoja sheria mpya ya wapangaji ya mwaka 2025 kuziondoa pangisho za zaidi ya miaka 21 kwenye kundi hilo la upangaji.

Kwa anayenunua Kenya kwa mjenzi binafsi, kuna kazi mbili za kufanya kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Ya kwanza ni kupekua rejista ya ardhi ujue hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, na kama imewekwa rehani benki. Mjenzi anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini akishindwa kulipa mkopo wake benki ina haki ya kuuza kiwanja, na malipo yako ya kila mwezi hayamo kwenye daftari la benki. Ikiwa rehani ipo, dai barua ya benki inayokubali kuiachilia nyumba yako ukimaliza kulipa. Ya pili ni kuweka kaveati kwenye hati mara baada ya kutia sahihi. Sheria ya Usajili wa Ardhi inamruhusu mtu mwenye haki ya kimkataba kufanya hivyo, na ikishaandikwa, nyumba haiwezi kuuzwa kwa mwingine kimyakimya.

Kisha, kila mwaka, omba taarifa ya maandishi yenye mihuri: umelipa kiasi gani, kiasi gani kimeitwa kodi, kiasi gani riba, kiasi gani kimepunguza bei, na salio ni ngapi. Linganisha na risiti zako. Hitilafu ya mwaka mmoja hurekebishwa kwa ziara moja ofisini. Ikilala miaka tisa, pengine karani aliyeiandika hayupo tena, kampuni imebadili jina, na wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha.