Kuisoma Pembetatu ya Udongo

Karatasi ya majibu kutoka maabara ya udongo huwa na mistari mingi: pH, naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Macho ya mkulima hukimbilia huko, kwa kuwa huko ndiko kuna habari za mbolea. Lakini mahali fulani kwenye karatasi hiyo huwa kuna namba tatu zinazopitwa kimya kimya, mfano hizi: mchanga 56, mchangatope 16, mfinyanzi 28. Naitrojeni hupanda na kushuka kila msimu. Namba hizi tatu zitabaki karibu vilevile mpaka wajukuu warithi shamba, maana hakuna samadi wala jembe linalogeuza chembe ya mchanga kuwa ya mfinyanzi. Kinachozigeuza ziwe jina la udongo, yaani kichanga, tifutifu au mfinyanzi, ni mchoro wa pembetatu. Nimeona watu wenye elimu nzuri wakiusoma mchoro huo vibaya na kutoka na jina lisilo la udongo wao, ilhali kanuni yake ni fupi mno.

Tuanze na chembe zenyewe. Maabara hukausha udongo, huvunja mabonge, kisha huupitisha kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2. Kokoto na mizizi inayobaki juu haihesabiwi. Kilichopita hugawanywa kwa ukubwa wa chembe tu. Kuanzia milimita 2 hadi 0.05 ni mchanga, unaokwaruza vidoleni. Kuanzia 0.05 hadi 0.002 ni mchangatope, ambao ukikauka ni laini kama unga na ukilowa huteleza bila kunata. Chini ya 0.002 ni mfinyanzi, unaonata na kufinyangika. Kwa kuwa kila chembe iliyopita chekeche lazima iwe katika kundi mojawapo, namba tatu zikijumlishwa hutoa 100. Zisipotoa 100, au tofauti ikizidi kile kinachoelezeka kwa kukadiria desimali, karatasi irudi maabara kabla ya kitu kingine chochote.

Jumla hiyo ya 100 ndiyo inayoruhusu vitu vitatu vichorwe kwenye karatasi bapa. Ukishajua mchanga na mfinyanzi, mchangatope hauna uhuru tena. Ni kile kilichobaki. Kwa hiyo nukta moja ndani ya pembetatu yenye pande tatu sawa inabeba namba zote tatu kwa pamoja.

Mchoro unaotumika zaidi ni wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, wenye maeneo 12 yaliyopewa majina. Kona ya juu ni ya mfinyanzi, kona ya chini kushoto ni ya mchanga, na kona ya chini kulia ni ya mchangatope. Hapa ndipo ilipo kanuni. Kwenye kona yake, kila kundi lina asilimia 100. Kwenye upande mzima unaoikabili kona hiyo, lina sifuri. Kadiri nukta inavyouacha upande huo na kuielekea kona, ndivyo asilimia inavyopanda. Mistari ya kusomea kundi fulani daima huwa sambamba na upande wake wa sifuri.

Basi mfinyanzi, ambao sifuri yake ni kitako cha pembetatu, husomwa kwa mistari ya mlalo. Mchanga, ambao sifuri yake ni upande wa kulia, husomwa kwa mistari iliyolala sambamba na upande huo wa kulia: ukianzia kwenye namba za kitakoni, unapanda ukielekea kushoto. Mchangatope, ambao sifuri yake ni upande wa kushoto, husomwa kwa mistari sambamba na upande wa kushoto: ukianzia kwenye namba za upande wa kulia, unashuka ukielekea kushoto. Ukishika hili la upande wa sifuri huna haja ya kukariri mishale. Hata mchoro ukiwa umezungushwa na kona zimebadilishana nafasi, kama inavyotokea katika vitabu vingine, utatafuta kona, utatazama upande unaoikabili, na mistari itajionyesha yenyewe.

Tuchukue ile karatasi ya mfano. Mfinyanzi ni 28: kwenye upande wa kushoto tafuta 28, kidogo chini ya 30, uchore mstari wa mlalo kukatiza pembetatu nzima. Mchanga ni 56: kitakoni, namba zinahesabiwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo 56 iko kushoto kidogo ya katikati. Kutoka hapo panda ukielekea kushoto, sambamba na upande wa kulia, mpaka uukute mstari wa mfinyanzi. Zinapokutana weka nukta. Nukta hiyo imeangukia katika eneo la tifutifu wa kichanga na mfinyanzi, yaani tifutifu ambao mchanga wake unakwaruza lakini mfinyanzi wake unatosha kushika bonge. Eneo hilo ni la udongo wenye mfinyanzi kati ya 20 na 35, mchanga zaidi ya 45, na mchangatope chini ya 28.

Kazi bado haijaisha. Mstari wa tatu haukuhitajika kupata nukta, na kwa sababu hiyo hiyo unafaa kuikagua. Soma mchangatope pale nukta ilipo: kutoka kwenye nukta panda sambamba na upande wa kushoto mpaka ufike upande wa kulia. Namba inayokupokea iwe 16.

Sasa tazama kosa linalorudiwa kila mahali. Msomaji aliyezoea grafu za shuleni hufika kwenye 56 ya kitakoni na kupanda wima, moja kwa moja juu. Akikutana na mstari wa mfinyanzi wa 28 anaweka nukta, na nukta hiyo inaangukia katika tifutifu wa mfinyanzi, eneo jirani. Jina linasikika la kweli kabisa, na hakuna kengele inayolia. Lakini akisoma mchangatope pale alipo atakuta 30, si 16. Na mchanga, ukisomwa kwa mstari wake halali, ni 42. Anayepanda kwa kuelekea kulia anaharibikiwa zaidi: ameufuata mstari wa mchangatope akidhani ni wa mchanga, na ukaguzi utampa mchangatope 44. Makosa yote mawili yanampeleka kwenye tifutifu wa mfinyanzi, kwa hiyo hata watu wawili wakikubaliana juu ya jina, makubaliano yao si ushahidi. Ushahidi ni mstari wa tatu.

Mpaka kati ya maeneo nao usitishe. Udongo wenye mchanga 60, mchangatope 20 na mfinyanzi 20 unakaa juu ya mstari kabisa. Mfinyanzi ukipimwa 18 utaitwa tifutifu wa kichanga. Ukipimwa 22 utaitwa tifutifu wa kichanga na mfinyanzi. Shambani maji hayaioni tofauti hiyo. Ndiyo maana napenda karatasi inayotoa namba pamoja na jina, si jina peke yake.

Namba zenyewe hupatikana kwa kuzamisha. Katika njia ya haidromita, gramu 50 za udongo mkavu hulowekwa kwenye dawa ya kutawanya, kwa kawaida sodiamu heksametafosfeti, zikakorogwa kwa mashine na kujazwa maji hadi lita 1. Chembe kubwa huzama haraka. Baada ya sekunde 40 mchanga umeshatua, na haidromita hupima kinachoelea bado: tuseme gramu 22 baada ya kurekebisha kwa joto na kwa dawa. Gramu 22 kati ya 50 ni asilimia 44, mchangatope na mfinyanzi pamoja, hivyo mchanga ni 56. Saa kadhaa baadaye, kwa utaratibu wa maabara nyingi ni saa 2, kilichobaki huhesabiwa kuwa mfinyanzi: gramu 14, yaani asilimia 28. Mchangatope haukupimwa kamwe. Umepatikana kwa kutoa, kwa hiyo kosa lolote la vipimo viwili vya kwanza hujificha humo.

Na kosa kubwa katika udongo mwekundu wetu wa nyanda za juu ni kutawanya kusikotosha. Oksidi za chuma zinazoupa wekundu hugandisha mfinyanzi kuwa vijichembe vigumu. Dawa ikiwa kidogo au kukoroga kukiwa kufupi, vijichembe hivyo huzama upesi kuliko mfinyanzi ulio huru, na maabara huviandika kuwa mchangatope, hata mchanga. Udongo mwekundu wa zamani, uliooshwa na mvua miaka mingi, kwa kawaida una mchangatope mdogo sana ukilinganisha na mfinyanzi wake. Karatasi ikidai kwamba shamba jekundu la namna hiyo lina mchangatope 35 na mfinyanzi 25, ningeomba kipimo kirudiwe.

Anayetumia chupa nyumbani, kwa kutikisa udongo na maji yenye sabuni ya unga kidogo na kupima tabaka kwa rula, anapata kadirio tu. Tabaka la mfinyanzi hutua likiwa limevimba kwa maji, hivyo unene wake unautia chumvi uzito wake halisi. Nukta ya chupa ichorwe kama duara pana.

Limebaki jambo ambalo pembetatu haiwezi kulisema hata ikisomwa bila kosa. Nenda kwenye miteremko ya Kabete, nje ya jiji la Nairobi, ambako udongo ni mwekundu na mzito kwa mfinyanzi, kisha shuka kwenye udongo mweusi wa mashamba ya mpunga ya Mwea. Sampuli mbili, moja ya kila mahali, zinaweza kuangukia karibu na nukta moja, ndani ya eneo la mfinyanzi. Ule mwekundu hunyonya mvua, hulimika muda mfupi baada ya kunyesha, na mizizi hushuka ndani sana. Ule mweusi huvimba na kufunga ukilowa, hushikilia maji juu ya majaruba, na ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Usukumani, ambako wakulima huita udongo wa mchanga wa juu ya miteremko luseni na ule mweusi wa mabondeni mbuga, hakuna anayeuchanganya mfinyanzi wa mbuga na mwekundu.

Pembetatu inapima ukubwa wa chembe, haiulizi chembe ni madini gani. Wekundu wa Kabete umejaa kaolinaiti, yenye matabaka yaliyofungana yasiyoruhusu maji kupenya kati yake. Weusi wa Mwea umejaa smektaiti, ambayo matabaka yake hufunguka yakipata maji. Karatasi ya maabara hutoa dokezo mahali pengine, kwenye mstari wa uwezo wa kubadilishana kasheni, ambao vitabu vya maabara huuandika CEC. Gawanya namba hiyo kwa asilimia ya mfinyanzi kisha zidisha kwa 100, baada ya kukumbuka kwamba mboji nayo inachangia sehemu yake. Kaolinaiti safi huwa chini ya 15 hivi kwa gramu 100 za mfinyanzi, smektaiti huwa 80 au zaidi. Udongo wenye mfinyanzi 60 na CEC ya 12 una 20 kwa kila gramu 100 za mfinyanzi; ule wenye mfinyanzi 60 na CEC ya 45 una 75, na huo ndio utakaohitaji mifereji ya kutoa maji kabla ya kupanda mahindi.