Baba Mdogo wa Miaka 8

Mtu akisema kwa Kivietnamu "Con ăn rồi," kitenzi chenyewe hakisemi ni nani aliyekula. Ăn ni kula, rồi huonyesha kwamba jambo limekwisha, na con ni mwana. Mtoto akimwambia mama yake maneno hayo, maana yake ni "nimeshakula". Mama akiyatamka kwa sauti ya kumuuliza mtoto, ni "umeshakula?" Baba akimjibu mkewe aliyeulizia habari za mtoto, ni "ameshakula". Neno halikubadilika hata mara moja. Waliobadilika ni wasemaji.

Sisi nafsi tunaibandika kwenye kitenzi: ni-, u-, a-. Wavietnamu wanataja undugu, na nafsi inajulikana kwa kuangalia nani anazungumza na nani. Utaratibu huo wanauita xưng hô: xưng ni kujitaja mwenyewe, hô ni kumwita mwenzako. Kila mazungumzo yanahitaji vyote viwili, na lazima vilingane. Ukimwita mtu anh, yaani kaka, basi wewe ni em, mdogo wake. Ukimwita ông, babu, wewe ni cháu. Mtu mmoja kwa siku moja anaweza kuwa con kwa mama yake, anh kwa mkewe, em kwa dada yake, na bố, baba, kwa watoto wake, na kila mara neno hilo ndilo "mimi" yake. Lipo neno tôi, "mimi" lisilotaja undugu, lakini nyumbani lina ubaridi. Mke aliyezoea kujiita em akianza kujiita tôi mbele ya mumewe, mume anajua kwamba kuna ugomvi kabla hajasikia sababu yake.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili. Huko kaskazini mwa Vietnam, chú ni mdogo wa kiume wa baba, cậu ni mdogo wa kiume wa mama, dì ni mdogo wa kike wa mama, na bác ni yeyote aliyemtangulia baba au mama kuzaliwa. Tuna baba mdogo, mjomba, mama mdogo, baba mkubwa na mama mkubwa, kwa hiyo tofauti hizo tunazielewa bila kufundishwa. Ndiyo maana pia inatuwia rahisi kuhisi uzito wa jina Bác Hồ, ambalo Wavietnamu wamempa Hồ Chí Minh: bác ni mkubwa wa baba yako, na anayelitamka anajiweka kuwa mwana katika nyumba yake.

Barabarani na sokoni, umri ndio unaoamua, na ndiyo sababu Mvietnamu anaweza kukuuliza miaka yako mapema sana. Bila kuijua hana namna ya kukuita wala ya kujiita. Lakini ndani ya ukoo umri hushindwa na kitu kingine, kiitwacho vai, neno ambalo pia ni bega. Vai ni nafasi yako katika mti wa ukoo. Mtoto wa kaka wa baba yako ni mkubwa wako hata kama ulimbeba mgongoni. Kuna methali isemayo "Bé bằng củ khoai, cứ vai mà gọi": hata awe mdogo kama kiazi, mwite kwa nafasi yake.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea kila Tết, mwaka mpya wa Kivietnamu, familia zinapotembeleana. Nam ana miaka 25. Anakwenda Hanoi kumsalimu mdogo wa babu yake, mzee aliyepata mtoto wa mwisho uzeeni. Mtoto huyo, Bảo, ana miaka 8. Kwa kuwa ni binamu wa baba yake Nam, kwa upande wa mdogo, Bảo ni chú, baba mdogo wa Nam.

Nam anaingia: "Cháu chào ông ạ." Neno kwa neno ni "mjukuu anasalimu babu", na ạ mwishoni ni heshima tupu. Mfasiri akiandika hivyo, msomaji ataanza kumtafuta mjukuu wa tatu chumbani. Kiswahili kina neno linalobeba vyote hivyo: "Shikamoo, babu."

Kisha anamgeukia mtoto: "Cháu chào chú ạ." Hapa mfasiri hukwama. Kwetu shikamoo hufuata umri, na mtu mzima humwambia mtoto hujambo. Lakini hujambo ingempandisha Nam juu ya Bảo, na ingeua habari yote. Naona iwe "Shikamoo, baba mdogo," mradi miaka yao imetajwa mapema, msomaji asidhani ni utani. Cháu lile lile lililokuwa mjukuu sasa ni mwana, kwa sababu Wavietnamu wa kaskazini hutumia neno moja kwa mjukuu na kwa mtoto wa ndugu.

Bảo haitikii salamu. Anataka pipi: "Anh có mua kẹo cho em không?" Ukiandika "Kaka, umeniletea pipi?" utakuwa umefasiri vizuri, na utakuwa umeharibu mstari unaofuata. Maana baba yake anamkemea: "Con là chú, không được xưng em với cháu." Kosa la mtoto si kumwita Nam kaka tu, ni kujiita em. Katika "umeniletea" em imemezwa na -ni-, na kemeo linabaki bila kosa.

Dawa tunayo. Mswahili anaweza kusema "mjukuu wako nimekuja" au "mimi mwanao nimechoka", akataja undugu na kuiacha nafsi kwenye kitenzi. Hiyo ndiyo xưng kwa Kiswahili. Lakini ikitumiwa katika kila sentensi inageuka kuwa sauti ya mwombaji, kwa hiyo iwekwe pale tu nafasi ya mtu inapobishaniwa, na kwingine kitenzi kitoshe. Mazungumzo yanakuwa hivi:

— Shikamoo, babu.
— Marahaba. Msalimie na baba yako mdogo.
— Shikamoo, baba mdogo.
— Kaka, mimi mdogo wako umeniletea pipi?
— Mwanangu, wewe ni baba yake. Usijiite mdogo wake.
— Mwanao nimekuletea, baba mdogo. Hizi hapa.

Mstari wa tano nimeuandika "baba yake" bila "mdogo" kwa makusudi. Neno mdogo likirudi mara mbili kwa maana mbili, sikio linachanganyikiwa, na kemeo la mzee linapaswa kuwa wazi. Namna ya kuipima kazi ni kumsomea mtu mistari hii bila majina wala maelezo, kisha umuulize nani yuko juu ya nani. Akikosa, kuna undugu uliozama ndani ya kitenzi, na mara nyingi ni ule wa kujitaja, si ule wa kuita.

Unabaki mstari mmoja, mgumu kuliko yote. Bảo amejifunza haraka, anaurudisha mfuko wa pipi na kusema: "Thế cháu bóc cho chú đi." Kwa maneno machache amempa Nam nafasi ya mwana na yeye amechukua ya baba. "Basi mwanangu, nifungulie" ingetosha, kama vijana wetu wasingekuwa wanaitana mwanangu kwa urafiki wa mtaani. Ili asisikike kama rafiki, chú yake lazima itajwe: "Basi mwanangu, mfungulie baba yako mdogo."