Herufi Safi Kwenye Monita ya Kawaida ya Mac

Unganisha MacBook na monita ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, kisha fungua barua ileile kwenye skrini zote mbili. Kwenye kompyuta, herufi zimekaza kama zilizochapwa kitabuni. Kwenye monita zinaonekana nyembamba, na kingo zake zimechakaa.

Monita si mbovu. Ina pikseli takriban 109 katika kila inchi, ilhali skrini ya MacBook ina zaidi ya 220. Zamani Mac ilificha upungufu huo kwa kulainisha kingo za herufi kwa vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu vilivyo ndani ya kila pikseli. Toleo la Mojave la mwaka 2018 liliiacha mbinu hiyo, na wenye monita za kawaida ndio walioumia.

Wengi hukimbilia kwenye `System Settings`, sehemu ya `Displays`, wakachagua 1920 kwa 1080 ili maandishi yakue. Yanakua kweli, lakini yanaingia ukungu, kwa sababu picha ndogo imevutwa ijaze pikseli nyingi kuliko ilizonazo.

Njia nzuri ni kinyume chake: Mac ichore picha kubwa kuliko monita, kisha iipunguze. Hali hiyo huitwa HiDPI. Ukichagua 2048 kwa 1152 ya HiDPI, Mac huchora pikseli 4096 kwa 2304, halafu huibana itoshe kwenye 2560 kwa 1440. Kila herufi inakuwa kubwa kwa robo, kwa hiyo inapata pikseli nyingi zaidi za kuiunda, na mikunjo yake inatulia. Gharama yake ni nafasi: dirisha mbili zilizokaa vizuri ubavu kwa ubavu sasa zitabanana kidogo.

Kwa monita kama hii, kwa kawaida Mac haikupi chaguo hilo yenyewe. Watu hutumia programu ya BetterDisplay, ambayo huongeza vipimo vya HiDPI kwenye orodha.

Usiamini macho peke yake. Bonyeza Shift, Command na 3, fungua picha ya monita hiyo katika Preview, kisha bonyeza Command na I. Ukiona 4096 kwa 2304, HiDPI inafanya kazi. Ukiona 2048 kwa 1152, umeangukia kwenye ukungu uleule.

Herufi zikiwa nene mno, andika amri hii katika Terminal, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena:

```
defaults -currentHost write -g AppleFontSmoothing -int 0
```

Haya yote hayaongezi hata pikseli moja kwenye kioo. Mistari myembamba ya majedwali bado inaweza kufifia, maana pikseli 1.6 zinabanwa ziwe moja. Kama unasoma na kuandika kutwa nzima na bado hujanunua monita, nunua ya 4K.