X ya kijani haina tarehe

Ukipita barabara kuu nyingi za Tanzania utaziona nyumba zilizochorwa X ukutani, na wenyeji wanajua kwamba rangi ya alama hiyo ina maana yake. X nyekundu humwambia mwenye nyumba kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, avunje na asitarajie fidia. X ya kijani ni habari nyingine kabisa: huyu alijenga kihalali, barabara ndiyo iliyomfuata, na siku akitakiwa kuondoka atalipwa. Tofauti hiyo ilitokana na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009, zilizopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukanda ulioongezeka ni wa mita 7.5, upana wa vyumba viwili na korido. Aliyekuwa nje ya hifadhi jioni, akajikuta ndani yake asubuhi, hakuvunja sheria yoyote, na Serikali yenyewe inalikubali hilo kwa kumchorea rangi ya kijani. Hoja yangu ni kwamba hapo penye alama, kabla mthamini hajafika na kabla katapila halijawashwa, ndipo Katiba yetu inapopwaya.

Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Ibara haisemi fidia hiyo ilipwe lini. Imeiachia sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida ina sauti zaidi ya moja. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967, iliyotungwa miaka mingi kabla ya Katiba kuwa na sura ya haki, inamwezesha Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kumtaka mmiliki aiachie baada ya muda wa ilani, ambao kwa kawaida haupungui wiki sita, na kuondoka kwake hakusubiri malipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekuja na lugha ya utu zaidi: fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Kanuni za mwaka 2001 zikafafanua kwamba mapema maana yake ni ndani ya miezi sita, na ikizidi hapo riba ianze kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba tathmini ya fidia ina uhai wa miaka miwili, na baada ya hapo lazima ifanyike upya.

Hizo ni kinga za kweli, na si haki kuzibeza. Tuzipime kwa mfano wa hesabu. Tuseme mtu ana nyumba ambayo kuijenga upya leo kungegharimu shilingi milioni 50, juu ya kiwanja cha milioni 15. Katika tathmini ya majengo mthamini huanza na gharama ya kujenga upya, kisha hupunguza uchakavu. Akiuweka kuwa asilimia 30, nyumba inabaki milioni 35, na pamoja na kiwanja inafika milioni 50. Posho ya usumbufu hukokotolewa kwa wastani wa riba ya amana za muda maalumu benki. Tukiichukua kuwa asilimia 7, ni milioni 3.5. Posho ya malazi ni kodi ya miezi 36, na kwa kodi ya shilingi 200,000 kwa mwezi inakuwa milioni 7.2. Ipo na posho ya usafiri, inayopigiwa hesabu ya kuhamisha mizigo ya tani 12 umbali wa kilomita 20. Bila ya usafiri, jumla ni milioni 60.7, na kurudisha alichokuwa nacho ni milioni 65. Hata akilipwa siku hiyohiyo na asiiguse hela ya kodi, bado amepungukiwa zaidi ya milioni 4, kwa kuwa hakuna duka linalouza mabati na matofali yaliyochakaa kwa asilimia 30. Hapa neno "kamili" limeshaanza kuchanika.

Ucheleweshaji baada ya tathmini, kwa upande wake, una dawa yake kidogo. Malipo yakichukua miaka miwili badala ya miezi sita, riba ya miezi 18 inayobaki, kwa asilimia 7 hiyohiyo juu ya milioni 60.7, inazidi kidogo milioni 6. Riba hiyo, ikilipwa kweli, inaweza kufidia kupanda kwa bei ya saruji na nondo. Lakini yote hayo yanamhusu mtu aliyekwisha kuthaminiwa. Mwenye X ya kijani hajathaminiwa. Saa ya miezi sita haijawashwa, riba haina pa kuanzia, na miaka miwili ya uhai wa tathmini haimhusu kwa sababu tathmini yenyewe haipo. Kisheria hajanyang'anywa chochote, maana bado analala ndani ya nyumba yake.

Anachokipoteza hakionekani kwenye fomu. Nyuma ya nyumba ya namna hiyo matofali ya chumba cha nyongeza huota ukungu, kwa kuwa kujenga ndani ya hifadhi ni kosa na kila anachoongeza baada ya alama hakitahesabiwa. Benki haipokei dhamana yenye X, na mnunuzi akiiona anageuza gari. Mpangaji wa fremu ya duka anaanza kutafuta mahali pengine. Mwenye nyumba mwenyewe anaacha kupaka rangi na kubadilisha bati linalovuja, na nani atamlaumu? Kisha siku mthamini anapokuja, anakuta nyumba iliyozeeka, na kwa uaminifu wa taaluma yake anaandika uchakavu wa asilimia 40 badala ya 30. Katika mfano wetu hizo ni shilingi milioni 5 zimepotea. Alama ya Serikali ndiyo iliyomzuia kukarabati, na ukosefu wa ukarabati ndio unaopunguza fidia yake. Anayetwaa amejishushia bei ya anachokitwaa, bila hata kukusudia.

Wapo watakaosema kwamba ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa hiyo mwananchi hana umiliki wa kudai mbele ya Katiba. Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kesi ilihusu sheria ya mwaka 1992 iliyokusudia kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mahakama ilisema kwamba haki ya kutumia ardhi, hata ya kimila isiyo na hati, ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba fidia haiishii kwenye majengo na mazao tu. Kama haki ya kutumia ni mali, basi kuizuia isitumike kwa miaka ni kuigusa mali hiyo. Hukumu haikufika huko, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza, lakini mantiki yake inaelekea huko.

Uganda walipita njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 1995, ibara ya 26, inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe mapema, tena kabla ya kuimiliki ardhi. Mamlaka ya barabara ya nchi hiyo wakati huo, UNRA, ilipohitaji ardhi kwa ajili ya barabara ya Hoima hadi Kaiso na Tonya, kuelekea eneo la mafuta la Ziwa Albert, mgogoro wa fidia ulifika Mahakama ya Katiba na baadaye Mahakama ya Juu. Oktoba 2015 majaji wa Mahakama ya Juu walithibitisha kwamba kifungu cha 7(1) cha sheria yao ya utwaaji, sheria ya mwaka 1965, ni batili kwa kiwango kinachoruhusu Serikali kuingia kabla ya kulipa. Neno "kabla" lilitosha. Mwaka 2017 Serikali ya Uganda ilipeleka muswada wa kuibadilisha ibara hiyo ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na kazi wakati mgogoro unasikilizwa. Muswada ulikumbana na upinzani mkubwa, na haukuwa sheria. Kenya nako ibara ya 40 inataka malipo ya mapema na kwa ukamilifu, lakini Bunge lao, kwa marekebisho ya mwaka 2019, lilitafsiri mapema kuwa ni ndani ya muda wa kuridhisha usiozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Katiba isipotaja wakati kamili, Bunge hujaza nafasi hiyo, na aghalabu huijaza kwa kumpendelea anayetwaa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la fedha. Serikali, tunaambiwa, haiwezi kulipa kwanza kila mahali, na barabara zikisubiri, wagonjwa na mazao vitasubiri pia. Silichukulii kimzaha. Lakini gharama hiyo haipungui kwa kucheleweshwa. Inahamishwa tu kutoka mfuko wa hazina kwenda mfuko wa mwenye nyumba, anayegeuzwa mkopeshaji bila kuulizwa. Tena uwezo upo pale anayetoa fedha anapoutaka: katika miradi iliyo chini ya mfumo wa Benki ya Dunia ulioanza kutumika mwaka 2018, fidia inatakiwa ilipwe kabla ya kuchukua ardhi. Kama sharti la mkopeshaji wa nje linatekelezeka, sharti la Katiba haliwezi kuitwa ndoto.

Kuhusu wanaotegesha, wale wanaokurupuka kujenga vibanda wakisikia mradi unakuja, tatizo ni la kweli na dawa yake ni tarehe ya ukomo inayotangazwa wazi, pamoja na picha za anga za siku hiyo. Anayegomea kiasi naye asiachwe azuie barabara ya mkoa mzima: alipwe mkononi kiasi kilichothaminiwa, apishe, na tofauti iende mahakamani. Hapo nakubali kwamba kanuni ya Uganda, ikisomwa kwa ukali, inaweza kumpa mtu mmoja nguvu kupita kiasi. Kumlipa kiasi kisichobishaniwa si sawa na kumfungia fedha kwenye akaunti ya mahakama.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyatetea hayahitaji Katiba mpya ili yaanze. Kanuni zinaweza kutamka kwamba alama ya kijani ni mwanzo wa utwaaji, tathmini ikamilike ndani ya muda unaotajwa, na uchakavu uhesabiwe kwa hali ya nyumba ilivyokuwa siku ya kuchorwa, kwa picha zilizopigwa siku hiyo na nakala akabidhiwe mwenyewe. Sheria ya mwaka 2016 imeshakubali kwamba tathmini ya mthamini hufa baada ya miaka miwili, na alama nayo ife kwa muda huohuo kama hakuna malipo, mwenye nyumba arudi kujenga chumba chake. Kwa kawaida X hizo hazina tarehe. Fundi anayeichora ana kopo la rangi mkononi. Aandike na siku.