Makopo mawili ya unga mweupe: nguvu inatoka wapi?



Juma lililopita, tulipokuwa tukingoja mkutano wa likelemba uanze, mama mmoja aliniletea makopo mawili aliyoyanunua sokoni hapa Mutoshi. La kwanza ni maziwa ya unga. La pili ni krema ya kutia katika kahawa, na bei yake ni ndogo. Akaniambia: «Mwalimu, tazama etiketi. Hili la bei ndogo limeandikwa nguvu 526, na lile la maziwa limeandikwa 490. Basi kwa nini nisimpe mtoto lile lenye nguvu nyingi, na franka zinibakie?»

Ni swali zuri, na jibu lake liko palepale nyuma ya kopo. Lakini haliko katika ile namba ya nguvu peke yake. Lazima tuulize nguvu hiyo inatoka wapi.

Kila chakula kinapata nguvu yake katika vitu vitatu: mafuta, protini na wanga pamoja na sukari. Kwenye etiketi za Kifaransa mafuta yanaitwa lipidi au matieri grasi, na wanga na sukari vinaitwa glisidi. Kwenye bidhaa zinazoingia kutoka Zambia au Afrika Kusini utakuta fati na kabohaidreti. Protini jina lake halibadiliki sana. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Mmarekani, Wilbur Atwater, alipima nguvu ambayo mwili unapata katika kila kimoja, na hesabu yake ndiyo inayotumiwa mpaka leo: gramu 1 ya mafuta inatoa kilokalori 9, gramu 1 ya protini inatoa 4, na gramu 1 ya glisidi inatoa 4. Mkumbuke tu 9, 4, 4, kama tunavyowafundisha watoto meza ya kuzidisha.

Sasa tuchukue kopo la maziwa. Namba nitakazotumia ni za kawaida kwa maziwa ya unga yenye mafuta yake yote; kopo lako linaweza kupita au kupungua kidogo. Katika gramu 100 kuna mafuta gramu 26, protini gramu 25, na glisidi gramu 39. Tunazidisha moja moja:

Mafuta: 26 × 9 = 234
Protini: 25 × 4 = 100
Glisidi: 39 × 4 = 156
Jumla: 490

Hiyo 490 ndiyo ileile iliyoandikwa kwenye kopo. Kwa sehemu ya kila kimoja, tunagawanya kwa jumla na kuzidisha kwa 100. Mafuta ni 234 kugawanya kwa 490, tunapata asilimia 48. Protini ni 100 kugawanya kwa 490, asilimia 20. Glisidi ni asilimia 32. Ukijumlisha 48, 20 na 32 unapata 100, na hapo unajua hesabu yako haikupotea njia.

Angalieni jambo moja. Mafuta ni gramu 26 tu katika gramu 100, yaani robo ya uzito na kidogo juu yake, lakini yanabeba karibu nusu ya nguvu. Anayesoma gramu peke yake atafikiri mafuta na protini ni sawasawa, kwa maana 26 na 25 zinafanana. Katika nguvu hazifanani hata kidogo. Na ukichanganya unga huo na maji katika kikombe, uzito unabadilika kabisa, kwa sababu maji ni mazito lakini hayana nguvu. Ile 48, 20 na 32 inabaki vilevile. Ndiyo sababu ninapenda kulinganisha vyakula kwa njia hii: maji hayawezi kuidanganya.

Tuje kwenye kopo la krema. Namba za kawaida za bidhaa ya namna hiyo ni mafuta gramu 30, protini gramu 2, glisidi gramu 62. Mafuta yanatoa 270, protini inatoa 8, glisidi 248. Jumla ni 526. Ni kweli, mama yule hakukosea: nguvu ni nyingi kuliko ya maziwa. Lakini mafuta ni asilimia 51, glisidi asilimia 47, na protini haifiki hata asilimia 2. Katika maziwa protini ilikuwa asilimia 20. Ni kusema krema ni mafuta ya mimea na sukari ya mahindi, vikakaushwa vikawa unga mweupe. Kwa kahawa ya mtu mzima haina neno. Mtoto anayeinywa mahali pa maziwa atashiba, pengine hata kunenepa usoni, lakini mwili wake hautapata cha kujengea nyama, damu na ngozi. Mtoto akikaa hivyo siku nyingi anaweza kuvimba miguu, nywele zikawa nyepesi na kubadilika rangi. Huo ni ugonjwa wa kwashiorkori, na wengi wetu tumeuona kwa macho.

Haya si mambo ya kuwazia tu. Mwaka 2008 jarida la matabibu la Uingereza lilichapisha habari kutoka nchi ya Laos, kule Asia. Kulikuwa na krema ya kahawa iliyouzwa kule ikiwa na picha ya dubu amempakata mtoto wake. Wazazi wengi walifikiri ni chakula cha watoto wachanga kwa sababu ya picha hiyo, na wengine waliwapa watoto wao mahali pa maziwa ya mama. Maneno ya kukataza yalikuwapo kwenye kopo, lakini picha ilisema kwa sauti kubwa zaidi. Namba haina picha, nayo ndiyo ingewasaidia.

Hapa nisieleweke vibaya: si kwamba protini ikipanda sana ndiyo chakula kinakuwa kizuri zaidi. Maziwa ya mama, katika mililita 100, yana karibu gramu 4 za mafuta, gramu 1 ya protini na gramu 7 za sukari ya maziwa. Fanyeni hesabu: 36, 4 na 28, jumla 68. Mafuta asilimia 53, protini asilimia 6, sukari asilimia 41. Protini ya maziwa ya ng'ombe inapita hiyo mara tatu, na ni mzigo kwa figo za mtoto mchanga. Kwa hiyo hata kopo zuri la maziwa ya unga si la mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mpaka miezi 6 ni titi peke yake, na mama asiyeweza kunyonyesha aende kituo cha afya wamwongoze.

Kuna mitego miwili kwenye etiketi inayowapoteza hata watu waliosoma. Wa kwanza ni kwamba nguvu inaandikwa mara mbili, kwa kilojuli na kwa kilokalori. Kopo letu la maziwa litaonyesha 2050 na 490, na ni nguvu ileile kwa vipimo viwili. Ukichukua ile 234 ya mafuta na kuigawanya kwa 2050, utapata asilimia 11, na utaamini kwamba maziwa hayana mafuta. Utajuaje umeingia mtegoni? Jumlisha sehemu zote tatu: hazitafika hata 25. Tumia kila mara namba ndogo, ile ya kilokalori.

Mtego wa pili ni safu ya asilimia ambayo kiwanda chenyewe kimeichapisha pembeni. Kwa maziwa yetu safu hiyo inaweza kuonyesha protini asilimia 50, na mtu akadhani nusu ya nguvu ni protini. Sivyo. Etiketi za namna ya Ulaya zinahesabu kwamba mtu mzima anahitaji protini gramu 50 kwa siku; gramu 25 ni nusu yake, basi wanaandika 50. Ni sehemu ya mahitaji ya siku ya mtu mzima, si sehemu ya nguvu ya chakula, na si ya mtoto wako. Iacheni, mfanye hesabu yenu.

Wakati mwingine hesabu yenu na namba ya kopo zitapishana kidogo, kama 5 au 10. Msihangaike. Kiwanda kinakata sehemu ndogo za gramu, na nyuzinyuzi, zile zinazoitwa fibri, zinahesabiwa 2 kwa gramu na si 4. Lakini zikipishana kwa 100, soma tena: pengine gramu ni za kijiko kimoja na nguvu ni ya gramu 100.

Hesabu hii inafanya kazi hata kwa sufuria. Gramu 50 za unga mweupe wa mahindi zinatoa karibu kilokalori 181, na katika hizo mafuta ni asilimia 5 tu. Uji huo unajaza tumbo dogo la mtoto kabla nguvu haijatosha. Tia ndani kijiko kikubwa cha kalanga iliyosagwa laini, kama gramu 15. Jumla inapanda mpaka karibu 276, mafuta yanakuwa asilimia 28, na protini inatoka asilimia 9 inafika 12. Sufuria ni ileile, na mtoto hakuongezewa hata kijiko kimoja cha maji.

Mwisho, kuna kitu ambacho hesabu hii haiwezi kuona. Yapo maziwa ya unga ambayo mafuta ya ng'ombe yameondolewa, yakatiwa mafuta ya mawese mahali pake. Asilimia zake zinaweza kufanana kabisa na za maziwa halisi. Hapo soma orodha ya vilivyomo: kama yameandikwa mafuta ya mimea, umejua. Na yale masashe ya nailoni yanayopimwa kwa kijiko sokoni hayana etiketi yoyote. Mwombe dada anayeuza akuonyeshe mfuko mkubwa alikoyatoa, utafute mstari wa protini. Katika gramu 100 za maziwa utakuta 24, 25 au 26. Ukikuta 2 au 3, hiyo ni krema ya kahawa, hata kama yeye anaiita maziwa.