Mipamba ya Nandete

Zuhura alikuwa amefika swali la nne la mtihani wa Historia alipokutana na Chanzo B. Ilikuwa taarifa fupi ya ofisa wa Kijerumani, ya mwaka 1905, ikieleza kuwa katika vilima vya Matumbi, chini ya akida wa Kibata, wenyeji wavivu waliochochewa na mganga wameharibu shamba la pamba. Jina la kijiji halikutajwa.

Matumbi. Kibata. Pamba. Kalamu ikasimama. Hapo ni Nandete, kwao Bibi!

Msidhani, wajukuu zangu, kwamba hilo lilimrahisishia kazi. Bibi alikwisha kumsimulia habari hiyo mara nyingi, wakipukuchua mahindi. Julai ile wazee wawili waliingia shambani wakang'oa miche michache tu, na miche michache haiharibu shamba. Walikuwa wanatangaza vita, maana watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Na yule "mganga" ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Swali lilisema: eleza udhaifu wa Chanzo B kama ushahidi. Zuhura akaandika, "Bibi yangu anasema ni uongo." Akaisoma, akaikata. Msahihishaji atampata wapi Bibi amhoji? Halafu Bibi mwenyewe hakuwepo. Habari hiyo aliipokea kwa mama yake, naye mama kwa wazee.

Akarudi kwenye karatasi. Nani kaandika? Mtawala, anayemweleza mkubwa wake kwa nini watu wameasi, bila kujitia lawamani. Kwa hiyo "wameharibu" linaweza kuhakikiwa, lakini "wavivu" ni maoni ya mwandishi tu. Tena taarifa imenyamaza kabisa kuhusu aliyelima shamba hilo na alicholipwa. Hapo ndipo alipomwingiza Bibi, kwa sentensi moja: masimulizi ya wazee wa Matumbi yanasema iling'olewa miche michache, kama ishara ya vita. Akaongeza kuwa mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji, hivyo ya Bibi yanaweza kulinganishwa na ya wengine.

Alipata nane kati ya kumi. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika: "Na faida ya chanzo?" Zuhura akamfuata ofisini akinung'unika. Taarifa ya upendeleo namna ile ina faida gani?

"Ukitaka kujua watawala waliwaonaje watu wa Matumbi," mwalimu akamwambia, "utapata wapi ushahidi kuliko neno hilo 'wavivu', waliloliandika wenyewe?"

Likizo ilipofika Bibi akasomewa karatasi yote, swali na jibu. Alitaka kujua jambo moja tu: huyo mwalimu anakaa wapi, akamdai zile alama mbili.